Kiswahili kilikuwa na "i" mbili, na shahidi ni "mpishi"

Machi 2023 watafiti walitangaza matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Kwa wengi wa watu hao wa pwani, asili ya upande wa mama ilionekana kuwa ya Kiafrika zaidi, na upande wa baba ukaonyesha mchango mkubwa kutoka Uajemi. Kuchanganyika kwenyewe kulikadiriwa kuanza karibu na mwaka 1000. Matokeo hayo yalihusu mifupa, lakini mitandaoni hayakuchukua muda kugeuka kuwa hoja ya lugha, na kila inapokaribia Siku ya Kiswahili, 7 Julai, hoja hiyo hufufuka: kama baba ni Mwajemi, basi na lugha ina baba Mwajemi. Ukimbishia mtu hapo, atakujibu kwamba hatuna njia nyingine ya kujua. Maandishi ya Kiswahili tuliyo nayo ni ya juzi tu, ya zamani kabisa yakiwa ya karne ya 18. Kabla ya hapo ni giza, na ndani ya giza mwenye mifupa ndiye mwenye neno.

Jibu hilo ndilo ninalolipinga. Si kweli kwamba pasipo maandishi lugha haina kumbukumbu. Kiswahili cha leo, hiki tunachonunulia vitunguu, kimebeba ndani ya vitenzi vyake alama za sauti zilizokufa, na tunaweza kuzisoma bila kufungua hati moja ya kale na bila kuchungulia lugha ya jirani. Ninadai jambo mahususi: kwa kutazama Kiswahili peke yake tunaweza kuonyesha kwamba zamani kilikuwa na irabu saba, si tano, na kwamba maneno kama "fungua" na "nunua" yalikuwa na "l" ambayo leo haipo. Njia yenyewe wanaisimu huiita uundaji upya wa ndani. Unatafuta mahali ambapo kipande kimoja cha neno kinabadilika sura, unauliza ni nini kilichokibadilisha, na kama sababu haionekani leo unaitafuta jana.

Tuanze na jikoni. Anayepika ni mpishi, anayeandika ni mwandishi, na anayependa kucheka na kuchekesha ni mcheshi. Katika maneno hayo yote "k" ya kitenzi imekuwa "sh" mbele ya "i" ya mwisho. Konsonanti nyingine nazo hazikusalimika mbele ya "i" hiyo: anayefuata ni mfuasi, anayelewa ni mlevi, anayejenga ni mjenzi, anayelinda ni mlinzi. Mtu anaweza kusema hakuna ajabu, ulimi hupanda mbele kutamka "i" na konsonanti zinavutwa pamoja nao, jambo linalotokea katika lugha nyingi duniani. Sawa. Lakini sasa pika kwa ajili ya mtu. Unampikia, humpishii. Unamwandikia, humwandishii. Unafuatia, hufuasii. Hiyo nayo ni "i", inafuata "k" ileile na "t" ileile ya mzizi uleule, na haifanyi lolote. Tukisikiliza kwa masikio ya leo, "i" ya "mpishi" na "i" ya "pikia" ni sauti moja. Sauti moja haiwezi kuiharibu "k" huku na kuiacha salama kule bila sababu. Ama kuna kitu kingine kinachozitofautisha, ama hazikuwa sauti moja.

Hapo mtu makini atasema tumekimbilia hitimisho, kwa hiyo tutafute ushahidi wa pili usiohusiana na konsonanti. Upo, na kila mwanafunzi aliyefanya zoezi la kauli ya kutendea anaujua bila kujua kwamba anaujua. Irabu ya kutendea hufuata irabu ya mzizi: pika hutoa pikia, lakini soma hutoa somea na penda hutoa pendea. Baada ya "e" na "o", "i" hiyo inashuka na kuwa "e". Je, "i" ya mtenda nayo inashuka? Haishuki. Anayesoma ni msomi, hatusemi "msome". Anayependa ni mpenzi, anayecheka ni mcheshi. Kwa hiyo tuna "i" mbili zenye tabia mbili kila moja. Ya kwanza inaharibu konsonanti na haitikiswi na irabu ya mzizi. Ya pili haigusi konsonanti na inashuka kwa wepesi. Tabia hizi zinakwenda pamoja, na zinakwenda pamoja vizuri sana ukidhani kwamba ile ya kwanza ilikuwa ikitamkwa juu kabisa, ulimi ukikaribia kaakaa, na ya pili ikitamkwa chini kidogo, karibu na "e". Iliyo karibu na "e" ndiyo inayoweza kuteleza ikawa "e". Iliyobanwa juu ndiyo inayotoa ule mvumo unaoigeuza "k" kuwa "sh".

Upande wa "u" hadithi ni ileile. "U" inayounda sifa inaiharibu "k": kitu kinachotukuka ni kitukufu, aliyenyoka ni mnyofu, aliyeongoka ni mwongofu. "U" ya kutendua haiigusi: ulichokifukia utakifukua, na "k" imetulia. Tena ile ya kutendua hushuka baada ya "o", ndiyo maana tuna "fungua" na "tegua" lakini "chomoa" na "bomoa", wakati ile ya sifa haishuki, tunasema "mwongofu" na si "mwongofo". Tukijumlisha tunapata "a", "e", "o", "i" mbili na "u" mbili. Irabu saba.

Na kuna jambo jingine linalofuata hapo ambalo mimi naliona tamu kuliko lenyewe la idadi, nalo ni mpangilio wa matukio. Irabu zile mbili ziliungana zikawa moja, na "k" ilibadilika kuwa "sh". Lipi lilitangulia? Kama muungano ungetangulia, "i" ya "pikia" ingekuwa sawa na ya "mpishi" wakati "k" inabadilika, na leo tungekuwa tunapishiana chakula. Hatupishiani, kwa hiyo mabadiliko ya konsonanti yalitangulia na muungano ukafuata.

Sasa ile "l". Nilipokuwa shuleni mwalimu wetu alitufundisha kwamba katika "funguliwa" na "chukuliwa" sauti "l" huingizwa ili kurahisisha matamshi, irabu zisigongane. Tuliandika, tukajibu mtihani, tukapata alama. Maelezo haya yanasikika hata leo, nayo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote zinazotolewa dhidi ya uchambuzi huu. Kiswahili hakina shida yoyote na irabu kugongana. Tunasema kaa, njaa, ua, aibu, tambua, pokea. Neno "fungua" lenyewe limegonganisha "u" na "a" na hakuna aliyejikwaa. Kama "l" ingekuwa dawa ya mgongano, ingeanza kutibu hapo. Na hata tukiikubali dawa hiyo, itatueleza nini kuhusu "mnunuzi"? Nunua, nunuliwa, mnunuzi: kitenzi kitupu hakina konsonanti kabla ya "a" ya mwisho, kauli ya kutendwa ina "l", jina la mtenda lina "z". Amua hutoa mwamuzi, lea hutoa mlezi, pindua hutoa mapinduzi, tetea hutoa mtetezi. Mwenye hoja ya urahisi wa matamshi atalazimika kusema kwamba Waswahili huingiza "l" wakati fulani na "z" wakati mwingine. Sisi tunahitaji dai moja tu, kwamba mzizi ulikuwa "nunul-". Mbele ya "i" ile ya "mpishi", tuiite "i" kali, "l" ikawa "z", kama "nd" ya "linda" ilivyokuwa "nz" katika "mlinzi". Mbele ya irabu nyingine ilibaki au ikadondoka.

Ilibaki wapi na ikadondoka wapi? Angalia mifano: fungua, ufunguo, lakini funguliwa, fungulia. Zaa, lakini zaliwa na mzalendo. Ondoa, lakini ondolewa. "L" imedondoka mbele ya "a" na "o", imebaki mbele ya "i" na "e". Mahali ninapopenda kuipima kanuni hii ni neno "endelea". Enda, endea, kisha kutendea juu ya kutendea, endelea. Kama kiambishi cha kutendea zamani kilikuwa "-ila" na "-ela", kikirudiwa mara mbili kingetoa "endelela". Ya kwanza iko mbele ya "e", inabaki. Ya pili iko mbele ya "a", inadondoka. Tunapata "endelea" bila kulazimisha chochote. Kwa hiyo hata "pikia" ilikuwa "pikila". Na hapa pia tunapata mpangilio: "l" ilikuwa bado hai wakati "i" kali ilipoigeuza kuwa "z", la sivyo "mnunuzi" asingekuwa na cha kugeuza. Kudondoka kulikuja baadaye. Kanuni ina mkaidi wake: "lala" ilipaswa kuwa "laa". Haikuwa, ingawa ukimlaza mtoto "l" hiyo hiyo inageuka "z" kwa utiifu wote.

Hoja nzito dhidi ya haya yote ziko mbili, na nisingependa kuzipitia juu juu. Ya kwanza inatoka kwa wanaoshughulikia sarufi ya leo. Wanasema: hamhitaji historia. Semeni tu kwamba kiambishi cha mtenda hugeuza konsonanti na kile cha kutendea hakigeuzi, mtoto anajifunza hivyo na anazungumza vizuri. Ni kweli. Mtoto wa Tanga hana habari na irabu saba, na sarufi iliyomo kichwani mwake huenda haina chochote zaidi ya orodha ya viambishi na tabia zao. Lakini orodha inaeleza kilichopo, haielezi kwa nini kiko hivyo. Ikiwa ni orodha tu, basi ni bahati nasibu kwamba kiambishi kinachogeuza konsonanti ndicho hicho hicho kisichoshuka, na bahati hiyo ijirudie kwa "i" na kwa "u". Bahati nasibu haina desturi ya kupanga mambo namna hiyo.

Ya pili ni kali zaidi. Chukua "sahau". Ni neno lililotoka Kiarabu, na mzizi wake huko hauna "l" kabisa. Hata hivyo tunasema sahauliwa, tunasema sahaulika, na mtu wa namna hiyo tunamwita msahaulifu. Anayetumia njia yetu kwa pupa ataandika kwamba zamani neno hilo lilikuwa "sahaul-", na atakuwa amebuni sauti ambayo haikuwahi kuwapo popote. "Haribika" nayo mzizi wake ni wa Kiarabu, na bado imezaa "haribifu" kana kwamba ilikuwepo siku "k" zilipokuwa zinabadilika. Kilichotokea ni kwamba wazungumzaji walipoona "chukua, chukuliwa" na "fungua, funguliwa" mamia ya mara, walijifunza ruwaza, wakaivisha na mgeni. Kwa maana hiyo mwalimu wangu hakukosea kabisa: kwa mzungumzaji wa leo "l" hiyo imekuwa kweli kitu cha kuingizwa. Alikosea kuhusu ilikotoka. Ndiyo maana mjengaji mwangalifu hategemei "-liwa" peke yake. Anatafuta alama ambazo mlinganisho, yaani kuiga ruwaza namna hiyo, hauna kazi ya kuzizalisha leo, hasa zile ngumu kama "mlezi" na "mwamuzi", na anazipa uzito mkubwa kuliko zile zinazofuata njia iliyonyooka. "Sahau" haina "msahauzi". Hata kwenye sifa kuna vurugu ya kukiri: "tulia" imetoa "tulivu" kwa "v", "pungua" imetoa "pungufu" kwa "f", ingawa zote zilikuwa na "l". Moja kati yao imefuata ya wengine, na ndani ya Kiswahili peke yake huwezi kuthibitisha ni ipi.

Njia hii imewahi kupimwa hadharani. Mwaka 1878 Ferdinand de Saussure, mwanaisimu kijana wa miaka 21, alichunguza irabu za lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, ile iliyozaa lugha nyingi za Ulaya na India, zilivyokuwa zikipishana ndani ya mizizi yake, akadai kwamba kulikuwa na sauti zilizopotea ambazo hakuna lugha yoyote iliyojulikana wakati huo iliyokuwa nazo. Wengi hawakumwelewa. Baada ya mabamba ya udongo ya Kihiti, lugha ya kale ya ukoo huo, kufukuliwa Uturuki na kusomwa, mwanaisimu Jerzy Kuryłowicz akaonyesha mwaka 1927 kwamba Kihiti kinaandika konsonanti katika sehemu kadhaa zilezile ambazo Saussure alizitabiri. Saussure alikuwa amefariki miaka 14 kabla.

Sisi hatuhitaji kusubiri mabamba. Kihiti chetu kinazungumzwa Nyeri na Murang'a. Kikuyu kina irabu saba hadi leo, na wanaoiandika huweka alama juu ya "ĩ" na "ũ" kuzitofautisha na "i" na "u". Kwa Kikuyu kupika ni "ruga". Mpishi ni "mũrugi", kwa "i" isiyo na alama, ile kali. Kumpikia mtu ni "rugĩra", kwa "ĩ" yenye alama, ile iliyo karibu na "e". Na tazama kinachofuata baada yake: "r", mahali palepale tuliposema "pikia" ilipoteza "l". Mkulima ni "mũrĩmi" na kulimia ni "rĩmĩra". Tulichokidai kwa kutazama Kiswahili tu, jirani anakitamka kila asubuhi. Kwa haki ya historia niseme kwamba wasomi hawakuifikia irabu saba kwa njia hii. Carl Meinhof, aliyeweka msingi wa fonetiki ya lugha za Kibantu mwaka 1899, alilinganisha lugha nyingi kwa pamoja. Lakini kwamba njia mbili tofauti zinafika mlango mmoja ni sababu ya kuiamini kila mojawapo.

Tofauti ya njia hizo mbili inaonekana vizuri kwenye maneno yasiyobadilika sura. "Mvua" na "njaa" hayanyambuliki kama vitenzi. Ndani ya Kiswahili hakuna umbo lake lolote ambamo "l" inajitokeza, kwa hiyo uundaji upya wa ndani hauna la kusema. Lazima uende kwa Wachewa wanaosema "mvula" na "njala", au kwa Wazulu wanaosema "imvula" na "indlala", ndipo ujue kwamba "l" iliondoka hapo pia. Ambapo badiliko limefagia kila kitu bila kuacha kombo, aliyebaki ndani ya nyumba haoni kitu. Na hata linapoacha kombo, kombo hilo halina tarehe. Tumejua kwamba "l" iligeuka "z" kabla ya kudondoka, na "k" iligeuka "sh" kabla ya irabu kuungana. Hatukujua kama ni mwaka 500 au 1200.

Hapo ndipo ninapowarudia wenye mifupa. Vinasaba vina miaka bila maneno, vitenzi vina mpangilio bila miaka, na anayesema kimoja kinajibu swali la kingine amechanganya madaftari. Ikiwa mababa wa Kiajemi walifika pwani karibu na mwaka 1000, hilo halisemi watoto wao walizungumza nini na mama zao. Kinachoonekana ni kwamba vile viambishi vya mtenda, vya kutendea, vya kutendua na vya sifa vina historia ndefu ya pamoja, ambayo vipande vyake vinakubaliana na Kikuyu cha bara, mbali na bandari yoyote. Na maneno ya kigeni yalipoingia, kama "sahau", yalivishwa nguo zilizokuwa zimeshashonwa.

Kuhusu vitabu vya shule, marekebisho ninayoyataka ni madogo. Kwenye ukurasa wa "nunua, nunuliwa" iongezwe safu ya tatu, "mnunuzi", na chini yake "lea, lelewa, mlezi" na "zaa, zaliwa, mzazi". Kisha mwanafunzi aulizwe ni herufi gani moja inayokosekana katika safu ya kwanza.